Barua ya Komanda

Chukua karatasi kama hii, imebandikwa ukutani karibu na duka la unga kwenye Base ya Kamina. Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya sura hii, ili nisimtie aibu karani yeyote, lakini misemo yake yote ni ile ile inayozunguka katika biro za Katanga kila siku. Maneno ya Kifaransa nimeyaandika jinsi yanavyotamkwa:

«Konserne: Degerpisema ku anpriz ya piste.

Niko na onere ya kuleta ku konesansi yenu kama, kufuatana na enstriksyo ya otorite ya iyerarshi, okipasyo yote ya anarshik ya anpriz ya piste inafanyiwa mizandemere. Kwa hiyo okipan bote wanaombwa kudegerpi andea saa 48 tangu resepsyo ya hii prezante. Fote de kwa, mezire ya rigere itachukuliwa, na frei yote itakuwa ku sharji yao.

Pokeeni ekspresyo ya sentima yangu ya distenge.»

Mama mmoja amelima mihogo kando ya njia ambayo ndege hutua. Anasimama mbele ya karatasi. Anajua kusoma, kwa sababu alisoma Biblia ya Kiswahili tangu utoto. Anaisoma yote, mpaka muhuri. Kisha anamwuliza kijana wa pikipiki: «Wanasema nini?» Kijana naye anajibu: «Wanasema mambo ya Leta.»

Jibu hilo ni sahihi kabisa, na ndilo tatizo. Barua imefaulu kumwambia mama kwamba Leta, yaani serikali, imesema. Haikumwambia imesema nini.

Ili tuelewe barua ya namna hii inatoka wapi, inafaa tukumbuke mahali penyewe. Base ilijengwa na Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ilikuwa ya jeshi tangu mwanzo, na ni kutoka hapo kwamba, Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliruka kwenda Stanleyville, mji ambao leo tunauita Kisangani. Kwa hiyo maandishi ya Base yalizaliwa kwa Kifaransa cha kijeshi. Askari kwa desturi waliamrishana kwa Lingala, na mpaka leo Lingala ndiyo inayosikika kambini. Kwa wenyeji, Kiluba ni lugha ya nyumbani, na Kiswahili ni lugha ya soko, ya kanisa na ya gari la moshi linalotoka Lubumbashi. Karani anayeandika barua kwa wakaaji anafikiri katika lugha ya kwanza, huku akiwa na watu wa lugha ya tatu na ya nne mbele yake.

Katiba ya 2006 inasema katika kifungu cha 1 kwamba lugha rasmi ni Kifaransa, na inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Kifungu cha 142 kinaipa serikali siku 60 baada ya sheria kutangazwa kuieneza kwa Kifaransa na kwa kila moja ya hizo nne. Kwa hiyo Komanda anayewaandikia wakulima kwa Kiswahili hafanyi hisani wala mchezo. Ila karani wake hajawahi kufundishwa barua ya Kiswahili inavyoandikwa. Shuleni alifundishwa barua ya Kifaransa. Akiambiwa aandike kwa Kiswahili, huchukua ile ile, akabadilisha viungo vidogo, «ya», «ku», «na», akaacha mifupa yote mahali pake.

Tuanze na mfupa wa kwanza: «Niko na onere ya kuleta ku konesansi yenu.» Wengine, wakitaka kuwa safi zaidi, huandika «Nina heshima ya kuwajulisha». Neno la kigeni limetoka, kosa limebaki. Katika Kiswahili heshima ni kitu unachompa mwenzako. Mtu akisema «nina heshima», msikilizaji anaelewa kwamba anajisifu: mimi ni mtu mwenye adabu, mimi ni mtu anayeheshimiwa. Mfaransa alikusudia kujishusha, Mswahili amejipandisha. Na sentensi hiyo ikiondolewa, hakuna habari inayopotea. Anayejulisha hana haja ya kutangaza kwamba anajulisha.

Lakini siwezi kuikata tu na kuacha shimo. Hapa ndipo makarani hukataa, na wana haki. «Mzee,» aliniambia mmoja wao zamani, «nikiondoa onere, barua itakuwa kama ya mtu anayegombana.» Alikuwa amegundua kitu: ile misemo mizito ndiyo iliyobeba heshima yote ya barua. Ukiitoa, lazima heshima irudi kwa mlango mwingine, na milango ya Kiswahili haiko mwishoni mwa barua pamoja na «sentima ya distenge». Iko mwanzoni, katika salamu na katika namna unavyowaita watu.

Sasa tazama barua yetu inawaitaje. Inawaita «okipan», na kukaa kwao inakuita «ya anarshik», yaani watu waliojikalisha bila mpango. Tanzania wana neno lao la kazi hiyo hiyo, «wavamizi», na linauma vilevile. Mama wa mihogo hajioni kuwa mvamizi. Huenda alionyeshwa sehemu ile na mtu aliyemwamini, huenda ni shamba la mama mkwe wake. Barua inaweza kumwambia kwamba hana haki ya kulima pale bila kumpa jina baya. Mwite kwa kile anachokifanya: «Kwenu baba, mama na wazee mnaolima kando ya kiwanja cha ndege.» Katika mstari huo mmoja kuna heshima zaidi kuliko katika kurasa tatu za «distenge», na kuna faida ya pili ambayo karani hakuitegemea: kila mtu anajua papo hapo kama barua inamhusu au haimhusu. Mwenye shamba la mahindi upande wa mto anaweza kwenda zake.

Kuna jambo dogo la kuamua hapa, nalo ni mwandiko. Mitaani Kamina watu husema «batu», «mutoto», «ndeke». Je, barua iandikwe hivyo? Mimi nasema hapana, ingawa napenda kusikia Kiswahili hicho. Wakaaji wamezoea kusoma «watu» na «mtoto» katika Biblia, na kusikia habari za Redio Okapi zikisomwa kwa Kiswahili cha namna hiyo. Barua ya Komanda ikiandika «batu bote», msomaji anaweza kuhisi kwamba mkubwa anamwigiza. Sarufi iwe ile ya maandishi. Majina ya vitu yawe ya mahali. Hiyo ndiyo mizani yangu. Kwa hiyo «Leta» inabaki, «biro» inabaki, «parsele» inabaki, kwa sababu ndivyo watu wanavyosema. Ukiandika «halmashauri» au «kitongoji» Kamina, umeondoa Kifaransa wanachokielewa na kuleta Dar es Salaam wasiyoielewa.

Nikigusia Dar es Salaam, nipite haraka mahali pale, kwa sababu wengi hufikiri kwamba dawa ni kufukuza maneno ya kigeni tu. Serikali ya Tanzania iliamua mwaka 1967 kwamba kazi zake ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huo huo BAKITA likaundwa kwa sheria. Leo barua nyingi za ofisi huko huanza: «Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.» Hakuna neno la Kiingereza ndani yake. Lakini soma polepole: «Husika!» Ni amri, kana kwamba mtu anaweza kuhusika kwa kuamrishwa. Uzito unaweza kuota hata katika udongo safi.

Turudi kwenye Base, kwenye neno lililo zito kuliko yote katika karatasi yetu: «kudegerpi». Katika Kifaransa cha biro za Kongo neno hili linatisha. Maana yake ni kuondoka mahali kwa kulazimishwa. Kiswahili cha Katanga hulichukua kama kinavyochukua vitenzi vingi vya Kifaransa: kinalipa kiambishi mbele, kinaliacha mwisho jinsi lilivyo. Na hapo ndipo linapokuwa kiziwi. Kitenzi cha Kiswahili kinasema mambo mengi kwa mkia wake. Hama: ondoka mwenyewe. Hamia: nenda mahali fulani. Hamisha: mwondoe mtu au kitu. Hamishwa: ondolewa na mwingine. Mzizi ni mmoja, na msomaji anajua mara moja nani anatenda na nani anatendewa. «Kudegerpi» halina mkia. «Okipan wanaombwa kudegerpi»: je, waondoke wenyewe? Wataondolewa? Wataonyeshwa pengine pa kwenda? Karani hajasema, kwa sababu neno lake halikumlazimisha aseme.

Ukiandika «mhame», swali linafuata lenyewe: wahamie wapi? Karani aliyeandika neno hilo itabidi ainuke, agonge mlango wa Komanda na kuuliza. Nimeona mara nyingi kwamba kazi ya kurahisisha barua huishia hapo mlangoni. Tunadhani tunatafuta neno, kumbe tunatafuta uamuzi ambao haujafanywa.

Na sasa «wanaombwa». Neno ni la Kiswahili, laini, la adabu. Mimi ningelikata kabla ya «kudegerpi». Mtu akiniomba, naweza kukataa. Ndiyo maana ya kuomba. Barua inaomba mstari wa tatu, na mstari wa nne inatishia «mezire ya rigere». Mama anayeamini mstari wa tatu atakutana na askari shambani mwake, na atasema kweli kwamba aliombwa tu. Adabu ya namna hiyo ni mtego. Kama ni lazima, sema «lazima», kisha utoe sababu. Mtu mzima anaheshimiwa kwa kupewa sababu. Kuomba kubaki mahali ambapo kweli unaomba, kwa mfano kuwaomba wawaambie majirani wasiojua kusoma.

Angalia pia kwamba hakuna mtu katika barua ile. «Okipasyo inafanyiwa», «mezire itachukuliwa». Na nani? Kifaransa cha ofisi kinapenda kujificha hivyo, na Kiswahili kinaweza kukiiga kwa kutumia vitenzi vya kutendwa kimoja baada ya kingine. Lakini msomaji wa Kiswahili anangoja ile «na» inayokuja baada ya kitenzi cha kutendwa: imeamuliwa na nani? Isipokuja, anajaza mwenyewe, na mara nyingi anajaza jina la adui yake. Mwandike mwenye uamuzi mbele: «Mimi, Komanda wa Base, nimeamua» au «Wakubwa wangu wa jeshi wameniagiza». Ni maneno mafupi, na yanampa mkulima mahali pa kupeleka shida yake.

Halafu «andea saa 48 tangu resepsyo». «Andea» ni Kifaransa cha Wabelgiji, waliokiacha kwetu pamoja na reli. Karatasi iliyobandikwa ukutani haipokelewi na mtu. Aliyeiona Jumatatu ana mpaka Jumatano. Aliyeiona Alhamisi ana mpaka Jumamosi. Ambaye hakupita dukani ana mpaka siku ya mwisho ya dunia. Andika siku, tarehe na mwezi jinsi watu wanavyoutaja: «Ijumaa tarehe 14, mwezi wa sita». Na ukitaja saa, iandike kwa njia mbili, kwa sababu saa mbili ya mzee anayehesabu tangu macheo si saa mbili ya karani anayetazama saa ya ukutani: «saa mbili asubuhi (8 h 00)». Wino kidogo, ugomvi mwingi unaepukwa.

Inabaki «mizandemere», na hapa niwe mwangalifu, kwa sababu si kila neno zito ni la kutupwa. Katika sheria, mizandemere ni onyo linalofungua njia ya hatua nyingine. Mahakama inaweza kuuliza kama lilitolewa na lini. Ukiandika «tunawakumbusha», umeandika kitu kingine, na unaweza kumharibia Komanda kesi, au kumharibia mkulima haki ya kusema kwamba hakuonywa. Kiswahili chake ni «onyo la mwisho kabla ya sheria kufuata». Kama kuna barua ya Kifaransa yenye nguvu ya sheria, itaje kwa nambari na tarehe yake, na useme iko wapi ili anayetaka aione.

Ndivyo ilivyo pia kwa majina ya karatasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Leta, na mtu binafsi hupewa haki juu yake kwa karatasi maalumu, sertifika ya anrejistrema. Jina hilo usilitafsiri kuwa «hati miliki» na kuliacha hivyo. Mama akiambiwa alete «hati miliki» atatafuta sandukuni kitu ambacho hakina jina hilo juu yake. Andika jina lililochapwa kwenye karatasi yenyewe, kisha uongeze maneno machache ya kueleza: karatasi ya Leta inayoonyesha nani mwenye haki ya parsele.

Tukiisha kugonga mlango wa Komanda na kupata majibu (tuseme amejibu yote, siku nyingine huwa na haraka), barua inaweza kusomeka hivi:

«Kwenu baba, mama na wazee mnaolima kando ya kiwanja cha ndege.

Jambo kwenu nyote.

Mashamba yaliyo ndani ya vibao vyekundu yako karibu sana na njia ambayo ndege hutua. Ni hatari kwenu na kwa ndege. Kwa sababu hiyo wakubwa wangu wa jeshi wameniagiza niyafunge.

Lazima mwondoke katika mashamba hayo kabla ya Ijumaa tarehe 14, mwezi wa sita. Mpaka siku hiyo mnaweza kuvuna mihogo yenu bila kuzuiwa na askari. Kuanzia siku hiyo askari watafunga njia, na kitakachobaki shambani kitaondolewa. Gharama ya kukiondoa itakuwa juu ya mwenye shamba. Hili ni onyo la mwisho kabla ya sheria kufuata.

Mwenye karatasi ya Leta (sertifika ya anrejistrema), au mwenye neno la kusema, aje kwenye biro ya Base, Jumatatu au Jumanne, kuanzia saa mbili asubuhi (8 h 00). Atasikilizwa.

Tunawaomba muwaambie jirani zenu ambao hawakuiona barua hii.

Asanteni.

Komanda wa Base»

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Watu hushangaa, wakidhani wepesi ni ufupi. Ile ya kwanza ilikuwa fupi kwa sababu haikusema vibao viko wapi, mihogo itakuwaje, na nani atasikilizwa. Angalia pia kwamba haikulegea. Tarehe ipo, askari wapo, gharama ipo, onyo lipo. Nimesoma barua «rahisi» ambazo zilikuwa tamu mpaka msomaji hakujua kwamba anafukuzwa.

Kuipima hakuhitaji mtaalamu. Mpe katekista aisome kwa sauti baada ya misa, kama atakavyoombwa kuisoma kwa vyovyote. Akisimama katikati na kuanza kueleza kwa maneno yake, weka alama pale aliposimama. Hapo ndipo barua ilipovunjika. Kisha uliza watu watatu, mmoja wao awe mtu anayezungumza Kiluba zaidi ya Kiswahili: nani anatakiwa kuondoka, mpaka lini, afanye nini na mihogo, aende wapi akiwa na neno, na nini kitatokea asipoondoka? Wakitofautiana juu ya jibu moja, sentensi hiyo irudi mezani. Katika majaribio ya namna hii sentensi inayoanguka mara nyingi ni ile ambayo karani alijivunia.

Karani wangu wa zamani, yule wa onere, aliisoma barua ya namna hii kimya, akarudia. Akasema salamu ni nzuri, tarehe ni nzuri, ila mwisho hauna kitu. «Asanteni» peke yake kwa mkubwa wa jeshi? Tukabishana. Nilimwambia watu wamekwisha kupewa heshima yao juu, hawana haja ya kupewa tena chini. Akanijibu kwamba Komanda hatatia sahihi barua isiyo na mstari wa kumalizia, atadhani ukurasa wa pili umepotea. Mwishowe tuliandika «Wenu katika kazi ya nchi», tukaweka muhuri juu yake, na Komanda akatia sahihi bila kuuliza lolote.